Hisa Bora Inayoshuka, Hisa Dhaifu Inayopaa

Agosti 2021 hisa moja ya Safaricom ilikuwa ikiuzwa karibu shilingi 45 katika Soko la Hisa la Nairobi. Miezi michache nyuma kampuni hiyo ilikuwa imetangaza faida ya shilingi bilioni 68.7 baada ya kodi, kiasi ambacho kilikaribia nusu ya mtaji wote wa wenye hisa. Mikopo yake ilikuwa midogo ukiilinganisha na mapato. Aliyenunua hisa hiyo siku zile hakuuziwa kampuni mbovu, na hakuna mchambuzi aliyemwambia hivyo. Hata hivyo mwaka 2021 ulifunga bei ikiwa shilingi 37.95, mwaka 2022 ikafunga kwa 24.15, na mwaka 2023 kwa 13.90.

Kenya Power ni kisa cha upande wa pili. Katika mwaka wa fedha ulioishia Juni 2023 ilipata hasara ya shilingi bilioni 3.19. Kwa miaka kadhaa madeni yake ya kulipwa karibuni yalikuwa yakizidi mali inayogeuka fedha karibuni, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alikuwa ameonya kuhusu uwezo wake wa kuendelea na biashara. Mwishoni mwa 2023 hisa yake ilikuwa inauzwa karibu shilingi moja na nusu. Mwaka mmoja baadaye bei ilikuwa imepanda zaidi ya mara 3.

Kwa hiyo mwenye kupenda kampuni safi aliumia, na mwenye kufuata bei inayopanda alivuna. Ukisimama hapo utasema ubora wa kampuni ni hadithi za vitabuni, bei ndiyo yote. Miaka mingine soko hilohilo limefundisha kinyume chake. Ndiyo maana kuna wawekezaji wanaokataa kuchagua upande mmoja. Wanazipitisha hisa zote kwenye chujio la kwanza, linalouliza kama kampuni inapata faida ya kweli bila kuelemewa na deni. Zinazobaki wanazipanga kwa kasi ya bei katika mwaka uliopita, kisha wanachukua zilizo juu. Baada ya miezi 3 wanarudia kazi yote tangu mwanzo. Ukiambiwa hivyo inaonekana ni kazi ya jioni moja. Kazi yenyewe iko kwenye hesabu, na hesabu hizi zina mitego ambayo hujitokeza tu pale mtu anapozifanya kwa mkono wake.

Faida ipi, na deni lipi

Tuanze na faida. Kipimo kinachotajwa mara nyingi ni faida baada ya kodi ikigawanywa kwa mtaji wa wenye hisa. Kinajibu swali jepesi: kwa kila shilingi 100 ambazo wenye kampuni wameiachia, kampuni imewazalishia shilingi ngapi kwa mwaka? Ni swali zuri, ila jibu lake hudanganya pale kampuni inapokopa sana.

Chukua viwanda 2 vya unga, vya kubuni tu, kimoja Thika na kingine Nakuru. Kila kimoja kina mali ya shilingi bilioni 10. Cha Thika kimekopa bilioni 2, na bilioni 8 zilizobaki ni mtaji wa wenyewe. Cha Nakuru kimekopa bilioni 7 na mtaji wake ni bilioni 3. Wote wanalipa riba ya asilimia 14 na kodi ya asilimia 30. Kabla ya riba na kodi, Thika inapata faida ya milioni 2,000, Nakuru milioni 1,600. Mpaka hapo Thika ni bora waziwazi, maana kwa mali ileile inazalisha zaidi.

Sasa toa riba. Thika inalipa milioni 280, inabaki na 1,720, na baada ya kodi ni milioni 1,204. Ukigawanya kwa mtaji wa bilioni 8 unapata asilimia 15. Nakuru inalipa riba ya milioni 980, inabaki na 620, na baada ya kodi ni milioni 434. Ukigawanya kwa mtaji wa bilioni 3 unapata asilimia 14.5. Anayetazama kipimo hiki peke yake ataona viwanda vinavyokaribiana kama mapacha. Deni limeficha udhaifu wa Nakuru kwa kupunguza kile kinachogawia.

Mwaka wa ukame ukija na faida ya kabla ya riba ikapungua kwa asilimia 40 pande zote mbili, Thika itabaki na milioni 1,200, italipa riba yake, na bado itawagawia wenyewe. Nakuru itabaki na milioni 960 huku riba ikiwa 980. Ni hasara, na benki bado inasubiri. Hapo ndipo unaona kwa nini chujio la ubora halikubali kipimo cha faida kisimame bila kipimo cha deni kando yake.

Vipimo vya deni ni viwili vinavyotosha kwa mtu wa kawaida. Cha kwanza ni mikopo ikigawanywa kwa mtaji: Thika 0.25, Nakuru 2.33. Cha pili ni faida ya kabla ya riba na kodi ikigawanywa kwa riba yenyewe: Thika inaweza kulipa riba yake mara 7, Nakuru mara 1.6 tu. Mimi nakiamini zaidi hiki cha pili. Ukubwa wa deni pekee haukwambii lina uzito gani, kwa sababu kampuni mbili zenye deni sawa zinaweza kuwa zinalipa riba tofauti kabisa. Kikomo changu ni mara 3. Kampuni iliyo chini ya hapo naiondoa bila kujali mengine yanasemaje. Si sheria ya mahali popote. Kwa soko ambalo riba za mikopo hupanda ghafla, chini ya mara 3 kampuni inakuwa karibu mno na ukingo.

Kuhusu faida, wapo waliopanda juu zaidi kwenye hesabu. Robert Novy-Marx, mtafiti wa Marekani, alichapisha mwaka 2013 utafiti uliotumia faida ghafi, yaani mauzo ukitoa gharama ya kilichouzwa, ikigawanywa kwa mali yote. Hoja yake ilikuwa kwamba kadiri unavyoshuka kwenye taarifa ya mapato ndivyo namba inavyochafuliwa na mambo ya uhasibu na maamuzi ya mwaka husika. Kampuni inayotumia fedha nyingi kwa matangazo au kufungua matawi itaonyesha faida ndogo mwishoni, ingawa bidhaa yake inaleta pesa nzuri. Faida ghafi haina mikunjo hiyo. Na kwa kugawanya kwa mali yote badala ya mtaji, anaepuka ule ujanja wa deni tuliouona Nakuru.

Kuna faida nyingine ya kuitilia shaka, nayo ni ile inayokuja mara moja. Kenya Power, katika mwaka ulioishia Juni 2024, ilitoka kwenye hasara hadi faida ya shilingi bilioni 30.08. Sehemu ya mabadiliko hayo ilitokana na mauzo, lakini sehemu nyingine ilitokana na shilingi yenyewe. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilikuwa imefika karibu shilingi 160. Kufikia katikati ya mwaka ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Kampuni yenye mikopo ya fedha za kigeni, deni lake likihesabiwa kwa shilingi, hupungua bila kulipa hata senti, na pungufu hilo huandikwa upande wa nafuu. Ni halali kabisa. Ila haiwezi kujirudia kila mwaka, na shilingi ikidhoofika itageuka kuwa mzigo uleule.

Mtego wa mwisho hapa ni wa hesabu tupu, na umewanasa watu wanaojua eksel kuliko wanavyojua mizania. Kampuni iliyokula mtaji wake wote huwa na mtaji hasi. Ikipata hasara, basi hasi inagawanywa kwa hasi, na jibu linatoka chanya. Kenya Airways mwaka 2023 ilipata hasara ya shilingi bilioni 22.7 huku mtaji wake ukiwa chini ya sifuri. Anayeipanga orodha kwa fomula bila kuangalia ataikuta juu kabisa, miongoni mwa kampuni zenye faida kubwa kwa mtaji. Kwa hiyo kabla ya kugawanya chochote, toa kwanza kila kampuni yenye mtaji hasi.

Kasi ya bei

Chujio la pili halitazami mizania kabisa. Linauliza kitu kimoja: bei imefanya nini katika miezi 12? Mwaka 1993 Narasimhan Jegadeesh na Sheridan Titman walichapisha utafiti wa hisa za Marekani kuanzia 1965 hadi 1989. Walionyesha kwamba hisa zilizopanda zaidi kuliko nyingine katika miezi 3 hadi 12 iliyopita ziliendelea, kwa wastani, kuzishinda zilizoshuka katika miezi iliyofuata. Mpango wao uliojadiliwa zaidi, wa kutazama miezi 6 nyuma na kushika kwa miezi 6, ulileta tofauti ya karibu asilimia 1 kwa mwezi kati ya washindi na walioshindwa. Sababu bado zinabishaniwa. Maelezo yanayonishawishi ni kwamba habari huingia kwenye bei polepole: mwekezaji hukawia kuamini kuwa kampuni imebadilika, kisha anaamini kidogo, kisha wenzake wanamfuata.

Hesabu yake ina jambo moja ambalo wengi hulikosa. Mwezi wa karibuni kabisa huachwa. Bei iliyoruka mwezi huu mara nyingi hurudi nyuma kidogo mwezi unaofuata, na ukiihesabu unajinunulia hisa siku ilipopanda kupita kiasi. Kwa hiyo huchukuliwa bei ya mwezi mmoja nyuma, inagawanywa kwa bei ya miezi 13 nyuma, na kutolewa 1. Ikiwa bei za mwisho wa mwezi zimepangwa kwenye safu B, mwezi wa karibuni ukiwa B1 na wa zamani ukiwa chini, fomula ni hii:

```
=B2/B14-1
```

Tuijaribu kwa Safaricom. Nachukua mwisho wa Januari kwa sababu moja tu: ukiuruka mwezi huo, hesabu inaangukia bei za kufunga mwaka, ambazo tayari tunazo. Mwisho wa Januari 2023 unachukua 24.15 ya Desemba 2022 na kuigawanya kwa 37.95 ya Desemba 2021. Jibu ni kupungua kwa asilimia 36. Hisa yenye alama hiyo inaanguka chini ya orodha, hata kama mizania yake ingali inapita. Aliyefuata utaratibu angeiuza hapo, kama hakuwa ameshaiuza kwenye mapitio ya mwaka 2022, na asingekuwemo bei ilipotoka 24.15 hadi 13.90. Mwisho wa Januari 2024 hesabu inasema kupungua kwa asilimia 42, bado nje.

Unaona kwamba kasi ya bei haikumwokoa na anguko lote. Anguko la kwanza, kutoka karibu 45 hadi 20 na kitu, lilishampata. Kipimo kinachotazama miezi 12 nyuma hakina namna ya kujua kilele. Kilichofanya ni kumkataza kukaa akijiambia kwamba kampuni ni nzuri na lazima bei irudi. Na kampuni kweli ilikuwa nzuri. Kilichobadilika ni vitu ambavyo uwiano wa mwaka uliopita haukuweza kuvionyesha. Mei 2021 muungano ulioongozwa na Safaricom ulipata leseni ya Ethiopia kwa dola milioni 850, na gharama za kujenga mtandao huko zikaanza kula faida. Katika mwaka ulioishia Machi 2023 faida ya kundi zima ilikuwa imeshuka hadi bilioni 52.5. Wakati huohuo riba za Marekani zilipanda, na wawekezaji wa nje wakaondoa fedha zao kwenye masoko kama la Nairobi. Walipouza, waliuza kile chenye wanunuzi wengi, nacho kilikuwa Safaricom. Bei ilijua mapema kuliko mizania.

Angalizo moja kabla ya kuacha fomula. Kampuni ikitoa hisa za nyongeza, moja kwa kila moja, bei hugawanyika nusu kwa siku moja na hakuna aliyepoteza kitu. Fomula haijui hilo na itaandika hasara ya asilimia 50. Bei za kabla ya tukio hilo lazima zirekebishwe, vinginevyo utauza hisa nzuri kwa kosa la karani.

Kuunganisha bila kuchanganya

Hapa ndipo wataalamu wenyewe wanapotofautiana. Baadhi huipa kila kampuni alama ya ubora na alama ya kasi, kisha huzijumlisha. Wengine hupitisha chujio moja baada ya jingine: kwanza ubora, nusu ya chini inatupwa, halafu kasi inatumika ndani ya nusu iliyobaki.

Rudi kwa Kenya Power ya mwisho wa Januari 2025. Kasi yake kwa fomula yetu ilikuwa zaidi ya asilimia 200, katika soko ambalo Safaricom yenyewe, ikiwa imeanza kuamka, ilipanda kwa kiwango cha chini sana kuliko hapo. Ukijumlisha alama zinazotokana na ukubwa wa namba hizo, hisa moja iliyopaa namna hiyo hulipia udhaifu wowote wa deni. Itaingia kwenye kapu ikiwa na mikopo yake yote, na kapu halistahili tena kuitwa la ubora. Kwa chujio la kufuatana, haiingii. Hesabu za Juni 2024 zilionyesha faida nzuri, lakini nimeshasema sehemu yake ilitoka wapi, na deni lilikuwa bado pale.

Mimi nashika njia ya kufuatana, na nakiri wazi gharama yake: njia hiyo ilimnyima mtu mojawapo ya hisa zilizopanda zaidi Nairobi mwaka 2024. Hiyo si ajali ya mbinu, ndiyo mbinu yenyewe. Hisa zenye deni kubwa ndizo huruka juu zaidi hali inapokuwa njema, kwa sababu ileile inayozizamisha hali inapokuwa mbaya: kiwanda cha Nakuru, faida ikiongezeka kwa asilimia 40, kingepandisha faida kwa mtaji wake kuliko cha Thika. Anayetaka vyote viwili, usalama wa Thika na mruko wa Nakuru, hana chujio la kumsaidia.

Benki ni suala la peke yake. Amana za wateja kwenye mizania ya benki ni deni, kwa hiyo kila benki inaonekana imezama. Chujio la kawaida huzitupa zote, pamoja na kampuni za bima. Nairobi uamuzi huo ni mzito, maana ukiondoa benki umeondoa sehemu kubwa ya thamani ya soko na hisa nyingi zinazonunulika kwa urahisi. Asiyetaka kuziacha azipange peke yao, kwa vipimo vyao: mtaji wa benki ukilinganishwa na mali yenye hatari, ambapo Benki Kuu ya Kenya inataka angalau asilimia 14.5, na sehemu ya mikopo isiyolipika. Kuziweka kwenye orodha moja na kiwanda cha saruji ni kulinganisha vitu visivyolingana.

Kwa nini miezi mitatu

Ubora wa kampuni hubadilika polepole. Kasi ya bei hubadilika haraka. Ukipanga upya kila mwezi, gharama zinakumaliza. Ukipanga mara moja kwa mwaka, kasi inakuwa imeshachacha. Robo mwaka ni mapatano kati ya hivyo viwili, na yalizaliwa Marekani, ambako kampuni zilizoandikishwa sokoni hutakiwa kutoa taarifa kila robo mwaka, ndani ya siku 40 hadi 45 baada ya robo kwisha. Huko kila mapitio hukuta hesabu mpya mezani.

Nairobi hali si hiyo. Kampuni nyingi hutoa hesabu za nusu mwaka ndani ya miezi 2 na za mwaka mzima, zilizokaguliwa, ndani ya miezi 4. Maana yake katika mapitio 4 ya mwaka, mawili kwa kampuni yoyote ile yatakuta mizania ileile ya zamani. Kinachobadilika ni bei tu. Na hapa kuna kichekesho cha soko letu: zinazotoa hesabu kila robo mwaka, kwa amri ya Benki Kuu, ni benki, yaani zilezile ambazo chujio limezitupa.

Kwa hiyo tarehe za mapitio zina uzito kuliko zinavyoonekana. Anayepanga kapu tarehe 31 Desemba anatumia hesabu za Juni kwa kampuni nyingi, zenye umri wa nusu mwaka. Mwisho wa Februari, Mei, Agosti na Novemba ni bora zaidi. Kufikia mwisho wa Mei hesabu za kampuni zinazofunga mwaka Desemba zimeshatoka, na Safaricom, inayofunga Machi, imeshatangaza zake. Mwisho wa Agosti nusu mwaka imetoka. Kufikia mwisho wa Novemba zimetoka zile za wanaofunga Juni, Kenya Power ikiwemo, na nusu mwaka ya Safaricom. Februari inakusanya nusu mwaka za waliofunga Juni.

Kuna na mabadiliko ya kanuni za uhasibu ambayo hugeuza uwiano bila kampuni kufanya lolote. Januari 2019 kanuni ya kimataifa IFRS 16 ilianza kulazimisha kampuni kuandika pango za muda mrefu kama deni kwenye mizania. Kampuni za simu zenye minara ya kukodi na maduka makubwa yenye majengo ya kupanga zilionekana kukopa mno kwa usiku mmoja. Aliyelinganisha 2018 na 2019 bila kujua alifukuza kampuni zisizokopa hata shilingi mpya.

Gharama, na namna ya kuzibana

Tuseme una shilingi 400,000 kwenye hisa 8. Kwa mteja mdogo Nairobi, dalali pamoja na tozo za soko huchukua karibu asilimia 2 ya kila muamala, kununua au kuuza. Ikiwa kila robo mwaka hisa 4 zinatoka na 4 zinaingia, unauza za 200,000 na kununua za 200,000. Miamala ni ya 400,000, gharama 8,000. Kwa mwaka ni 32,000, sawa na asilimia 8 ya kapu lote. Gawio linaweza kumezwa lote hapo, na hujahesabu tofauti kati ya bei ya mnunuzi na ya muuzaji, ambayo kwa hisa zisizouzwa sana ni pana.

Dawa yake ni kuweka mlango wa kuingia mwembamba na wa kutokea mpana. Hisa iingie kapuni ikiwa ndani ya 8 bora, lakini isitoke mpaka ishuke chini ya nafasi ya 14, kwa mfano, au mpaka ianguke chujio la ubora. Hisa iliyotoka nafasi ya 7 kwenda ya 9 haijakuambia kitu. Ni kelele za soko. Kwa soko lenye kampuni zaidi kidogo ya 60, ukishatoa benki, bima, zilizositishwa na zile ambazo siku inapita bila hisa kuuzwa, unabaki na orodha fupi sana, na bila mlango huo mpana utakuwa unabadilishana hisa zilezile kila robo huku dalali akinenepa. Hizo zisizouzwa, kwa njia, zina hila yake: bei isiyoguswa kwa wiki kadhaa huonekana imetulia, kumbe haina mnunuzi.

Kuanguka kwa kasi yenyewe pia kuna historia. Kent Daniel na Tobias Moskowitz, katika utafiti wao wa 2016, walionyesha kilichotokea Marekani kati ya Machi na Mei 2009, soko lilipogeuka baada ya msukosuko wa mabenki: hisa zilizokuwa zimeshuka zaidi zilipanda kwa asilimia 163, na zilizokuwa zikiongoza zilipanda kwa asilimia 8 tu. Asiyeuza hisa za kukopa hafilisiki hapo, anaachwa nyuma. Anaweza kuachwa nyuma kwa mwaka mzima, akiwa na hisa safi zenye mwenendo mzuri, huku jirani aliyeokota vilivyooza akisherehekea. Wengi huiacha mbinu wakati huo.

Lililo gumu zaidi kuliona ni pale mtu anapoijaribu mbinu kwa data za zamani. Kwa kawaida atachukua orodha ya kampuni zilizopo sokoni leo na kurudi nayo nyuma miaka 10 au 15. Orodha hiyo imeshawatoa waliokufa. Mumias Sugar ilitangaza faida ya shilingi bilioni 2 katika mwaka ulioishia Juni 2012, na mwaka uliofuata hasara ya karibu bilioni 1.7, Septemba 2019 ikawekwa chini ya meneja mrasimu na hisa zake zikasitishwa. Chujio la faida la mwishoni mwa 2012 lingeweza kuipitisha. Hisa za Kenya Airways zilisitishwa Julai 2020 na kurudi sokoni Januari 2025, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyeweza kuzitoa kapuni, hata fomula ingesema nini. Anayetaka kujua mbinu hii ingempa nini aanze na orodha ya kampuni zilizokuwepo Januari 2012, atumie hesabu zilizokuwa zimeshachapishwa kila tarehe ya mapitio, atoe asilimia 2 kwa kila muamala, na pale bei inapokoma kwa sababu hisa imesitishwa, asiiruke hiyo safu.